Filamu yetu ya dagaa ni ndefu mno: nikate wapi?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na ndiye mhariri wa filamu ya makala ya darasa letu kuhusu akina mama wanaoanika dagaa katika mwalo wa Kayenze. Mkato wetu wa kwanza ulikuwa na dakika 17, ilhali sharti ni dakika 8. Nimepunguza sekunde mbili tatu kila mahali ukafika dakika 15, lakini wenzangu waliouangalia wanasema bado unachosha, tena sasa unarukaruka. Kila mwanakikundi anataka kipande alichopiga kibaki. Nikate wapi, na nitajuaje kwamba nimekata sawasawa? Flashi yenye filamu nimeiambatanisha na barua hii.

Mhariri, Ilemela

*

Mwanangu mhariri,

Marahaba. Nimeuangalia mkato wenu wote, kisha nikausikiliza tena nikiwa nimeipa skrini mgongo, na kwa kusikiliza huko ndipo tatizo lilipojitokeza waziwazi. Kinachozidi katika filamu hii ni majibu ya maswali ambayo haikupaswa kuyauliza. Ukipunguza sekunde kwenye ncha za kila kipande, vipande vyote hubaki, ila kila kimoja hupoteza pumzi yake, na mtazamaji huona filamu ileile ndefu ikiwa imeongezewa papara. Kwa hiyo kwanza zirudishe zile dakika mbili ulizozipunguza. Fungua mkato wa dakika 17, uuhifadhi kwa jina jipya ili ule wa zamani usiguswe, na kazi ianzie hapo.

Filamu yenu kwa sasa inauliza maswali matatu. Inauliza dagaa huvuliwaje usiku, inauliza dagaa waliokauka huenda wapi wakishafika soko la Mwaloni Kirumba, na katikati, bila kutangazwa na mtu, inauliza mvua ikinyesha dagaa wakiwa wameanikwa mchangani hasara humwangukia nani. Swali la tatu ndilo filamu yenu. Nalichagua hilo kwa sababu ndilo pekee ambalo watu wenu wanalijibu kwa jambo lililowapata wenyewe, na kwa sababu mna picha za wingu likija kutoka ziwani, za akina mama wakikimbia na makarai, na za dagaa walioloa wakiwa wamelala mchangani. Maswali mawili ya mwanzo mnayajibu kwa maelezo tu, na maelezo hayo angeweza kuyatoa mtu yeyote anayeishi kando ya ziwa.

Liandike swali hilo kwenye karatasi na ulibandike juu ya kompyuta. Kila kipande ukiulize kama kinamsaidia mtazamaji kulijua jibu, au kama kinamfanya alitake jibu hilo zaidi. Kisichofanya lolote kati ya hayo kinatoka, hata kama kimepigwa vizuri. Najua kitakachouma zaidi ni ile sehemu ya Kirumba, yenye magunia yakipakiwa kwenye malori na mfanyabiashara anayeeleza jinsi anavyopeleka dagaa nje ya nchi. Ina dakika tatu na nusu na ina mwanga mzuri kuliko sehemu nyingine yoyote mliyopiga, lakini mtu yule hajawahi kuloanishiwa dagaa wake na mvua, kwa kuwa yeye hununua waliokwisha kukauka. Bakisha sentensi yake moja tu, ile anayosema kwamba gunia lenye harufu halipandishi kwenye gari lake, kwa maana hiyo inaeleza kwa nini dagaa walioloa hushuka bei. Yaliyobaki yahifadhiwe kwa filamu nyingine.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, ambayo huanzia kwenye karatasi kabla ya kurudi kwenye kompyuta. Sikiliza kila mahojiano na uandike maneno yote kama yalivyosemwa, pamoja na dakika na sekunde ambapo kila jibu linaanza. Usiyasafishe wala kuyafupisha unapoandika, kwa sababu maneno ya kujazia kama “yaani” na “kwa hiyo” ndiyo yatakayokuonyesha mahali sentensi inapoweza kufunguliwa. Ni kazi ya jioni kadhaa, na hapa ndipo utakapowapata wenzako wa kukusaidia, maana kila mmoja anaweza kuandika mahojiano aliyoyapiga. Aliyeandika maneno ya mahojiano yake kwa mkono huona mwenyewe mahali msemaji alipojirudia, na ubishi wa nani akatwe hupungua sana. Karatasi hizo zikatwe kwa mkasi, jibu kwa jibu, kisha mzipange juu ya meza kwa utaratibu ambao mtu asiyeijua habari hii angeweza kuufuata. Someni mpangilio huo kwa sauti, kwa mwendo wa wasemaji wenyewe, huku mmoja wenu akiangalia saa. Kwa filamu ya dakika 8 ya aina hii ningependa maneno yote, ya wasemaji na ya msimulizi, yasizidi dakika tano. Dakika tatu zinazobaki ni za ziwa, za mikono na za mvua. Mkipata dakika saba za maneno, mjue bado mnaandika hotuba.

Nikuonyeshe kwa mfano mmoja, nao ni jibu la yule mama mwenye kitenge cha njano, ambalo katika mkato wenu linaanza dakika ya 6 na sekunde 10, na ambalo kwenye rekodi kamili linaendelea kwa zaidi ya dakika nzima. Nimeyaandika maneno yake hivi:

“Mimi hii kazi ya dagaa nimeianza zamani, kabla hata ya huyu wangu wa mwisho kuzaliwa. Kwa hiyo, ee, hapo mwanzo tulikuwa tunaanika tu chini, kwenye mchanga, mpaka leo. Sasa mvua ikija ghafla, unafanyaje? Unakimbia, unakusanya, lakini walioloa wameloa. Dagaa akiloa ananuka, anabadilika rangi, mteja wa kula hamtaki. Basi unamuuzia mtu wa chakula cha kuku. Kama nilivyosema, tunaanika chini. Wengine wana vichanja, sisi tunavijua, lakini miti na nyavu ni hela. Na bei ya kuku siyo bei ya mtu. Halafu ule mkopo niliochukua kununua dagaa uko palepale, wenyewe haujaloa.”

Katika mkato wenu mmeanza na “Mimi hii kazi ya dagaa nimeianza zamani”, mkaishia kwenye “chakula cha kuku”, kisha msimulizi akaingia kueleza kwamba akina mama wengi hukopa fedha za mtaji. Yaani mmebakisha utangulizi wake mkatupa kauli yake, halafu mkamwajiri mtu mwingine aiseme kauli hiyo kwa maneno dhaifu zaidi. Watu wengi huanza kuzungumza mbele ya kamera kwa kujieleza na kuzunguka kidogo, na jambo lenyewe hulifikia mwishoni, wanapoacha kuiwaza kamera. Kwa sababu hiyo, unapotafuta pa kukata jibu lolote, anza kulisoma kutoka mwisho.

Mimi ningelianza jibu hili kwenye “Mvua ikija ghafla, unafanyaje?” Neno “sasa” linaweza kuondoka kwa sababu limefuatwa na pumzi fupi. Ningeendelea mpaka “mteja wa kula hamtaki” na “unamuuzia mtu wa chakula cha kuku”. Sentensi ya “kama nilivyosema” ningeitoa, kwa kuwa inarejelea jambo ambalo mtazamaji hatalisikia. Ile ya vichanja ningeibakisha ijapokuwa inakula sekunde kadhaa, maana bila hiyo mtazamaji atamwona mama huyu kama mtu asiyejua njia bora, na huo utakuwa uongo juu yake. Ameeleza wazi kwamba anaijua na kwamba kinachomzuia ni gharama. Kisha ningemalizia na mkopo ambao haujaloa, na baada ya hapo asiseme mtu yeyote kwa sekunde nne au tano. Jibu zima sasa lina kama sekunde arobaini, na sentensi za msimulizi zilizokuwa zinalifuata zinaondoka zote.

Unapoufanya mkato huo kwenye kompyuta, angalia mambo mawili ambayo ndiyo yaliyoifanya filamu yenu irukeruke. La kwanza ni wimbo wa sauti. Sentensi ya Kiswahili inayokaribia kuisha hushusha sauti, na inayoendelea huipandisha au kuiacha juu. Ukikata pale ambapo sauti bado iko juu, sikio la msikilizaji hubaki linangoja, hata kama kisarufi maneno yametimia. Ndicho kilichotokea katika dakika ya 9, mnapomkata yule kijana wa mtumbwini baada ya “tunarudi alfajiri”, ilhali kwake maneno hayo yalikuwa nusu ya sentensi. Fumba macho usikilize kila mkato. Ukijikuta unangoja, sogeza mkato mbele mpaka sauti ishuke, na kama haishuki mahali popote karibu, sehemu hiyo haikatiki, basi ichukue yote au uiache yote. Vilevile usikate pumzi ya msemaji kabla hajaanza neno. Filamu yenu ina fremu 25 kwa sekunde, na fremu tano au sita za pumzi, yaani kama sehemu ya tano ya sekunde, zinatosha kumfanya mtu asikike kama mtu anayezungumza.

La pili ni upepo wa ziwani. Kila mlipokata mazungumzo ya mwaloni, mawimbi na upepo nyuma ya msemaji navyo vilikatika, na sauti inaruka hata pale ambapo picha imefunikwa vizuri. Dawa yake ni kulaza chini ya mahojiano yote sauti moja ya mahali hapo, isiyokatika, kwenye treki yake peke yake. Mlipaswa kurekodi nusu dakika ya ukimya kila mlipohojiana na mtu, lakini hamkufanya hivyo, basi tafuteni pale ambapo mmoja wenu anafikiria swali la kuuliza na mama anasubiri. Nimeona sehemu moja kama hiyo yenye sekunde 11 baada ya jibu lake la pili. Inakiliwe, ilazwe mara kadhaa kwa kufuatana, na kila maungio yayeyushwe kwa sekunde moja, yaani sauti moja ififie huku nyingine ikipanda, ili yasisikike. Kisha mikato ya maneno yenyewe iyeyushwe kwa fremu mbili au tatu tu, kwa kuwa zaidi ya hapo utaanza kusikia mwanzo wa neno lililokatwa. Usijaribu kuufuta upepo kabisa kwa kichujio, maana mara nyingi huondoka na sehemu ya sauti ya msemaji, akasikika kama anazungumzia ndani ya pipa.

Nikiwa bado hapo, kuna kosa la kompyuta ambalo nadhani ndilo lililosogeza maandishi yenu ya tafsiri. Katika DaVinci Resolve mnayoitumia, kitufe cha Delete huondoa kipande na kuvuta kila kilicho mbele ili kuziba pengo, wakati Backspace huondoa kipande na kuliacha pengo wazi. Ukitumia Delete huku treki nyingine zimefungwa, maneno husogea na maandishi yakabaki pale yalipokuwa. Utalitambua kosa hilo kwa sababu maandishi yote baada ya mkato huo huchelewa kwa muda uleule. Mimi hupenda kwanza kuliacha pengo, nisikilize, niamue liwe na urefu gani, ndipo nilizibe. Mapengo mengine huonekana yanafaa kubaki yakisubiri picha.

Baada ya maneno kukaa sawa, ndipo unapoanza kuweka picha za kufunika. Kwa sasa mama akisema “mchanga” mnaonyesha mchanga, akisema “kuku” mnaonyesha kuku, na picha hiyo ya kuku hata haikupigwa Kayenze. Picha inayorudia neno haiongezi kitu, na mtazamaji huizoea haraka akaanza kuikisia kabla haijaja. Chini ya “unakimbia, unakusanya” wekeni ile picha ya msichana anayejaribu kuokota dagaa kwa viganja huku matone yakianza kuonekana mchangani. Haionyeshi ukimbiaji wowote, lakini inaonyesha kwamba mikono miwili haitoshi. Pale mnapomrudia mama usoni, iwe ni kwenye sentensi ya mkopo, kwa maana uso wake katika sentensi hiyo una jambo la kusema. Tena msibadilishe sauti na picha katika fremu ileile kila mara. Sauti yake ianze wakati bado tunaangalia wingu, kisha baada ya sekunde moja na nusu hivi tumwone anayezungumza. Mkato wa namna hiyo hausikiki, na ndio utakaoponya sehemu kubwa ya kurukaruka mnakolalamikia.

Hapa sina budi kukuonya usije ukachukulia kwamba kukaza filamu ni kufupisha kila picha. Picha yenu ya taa za wavuvi usiku ina sekunde 22, na nane zinatosha, kwa kuwa baada ya hapo hakuna kipya cha kuona. Lakini picha ya yule bibi anayegeuza dagaa walioloa, akiwanusa, akiwatenga katika mafungu mawili, mmeikatia sekunde nne, ilhali nimeiona nzima kwenye flashi nayo ina 19. Iachieni zote. Mtazamaji anahitaji muda wa kugundua mwenyewe kwamba bibi anachagua wa kuliwa na watu na wa kuliwa na kuku, na akiligundua bila kuambiwa, hamhitaji tena maelezo ya msimulizi. Picha ikae mpaka jicho litakapomaliza kuisoma, wala isizidi hapo.

Kuhusu msimulizi, nimehesabu sentensi zake 31, na ninaona anahitaji nne au tano. Aseme tu yale ambayo hakuna mtu mwaloni aliyeyasema na ambayo bila hayo habari haieleweki. Moja ya hayo, na ambalo limekosekana kabisa, ni habari ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta kuja juu, na mwezi ukiwa mpevu mwanga wake huzipunguzia taa hizo nguvu, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Maana yake ni kwamba dagaa wengi hufika mwaloni kwa mkupuo, katika siku za giza la mwezi, na mvua za vuli au masika zikiangukia siku hizo mchanga umejaa. Hayo yote yanaweza kusemwa hivi: “Dagaa huja kwa wingi katika siku za giza la mwezi, na mvua haisubiri mwezi upevuke.” Sentensi hiyo iwekwe mara moja tu, juu ya zile sekunde nane za taa, nayo inaziba nafasi ya dakika mbili za maelezo ya uvuvi.

Ramani ya Ziwa Victoria, historia ya Mwanza na picha za droni za miamba, ambazo kwa pamoja zimechukua dakika 2 na sekunde 40 kabla ya binadamu yeyote kuzungumza, zinatoka. Kila kundi la wanafunzi lililowahi kuazima droni limeanza filamu yake angani, na sijaona bado iliyofaidika. Anzeni na wingu, sauti ya karai, kisha “Mvua ikija ghafla, unafanyaje?” Jina la filamu lije baada ya hapo. Muziki nao usiwe chini ya maneno ya mtu yeyote, kwa sababu mawimbi tayari yanashindana na sauti zao. Wimbo mlioutumia ni wa msanii anayejulikana na hamna ruhusa yake, kwa hiyo uondoeni hata kama filamu ni ya darasani, maana mnakusudia kuipeleka kwenye maonyesho.

Yule mzee anayezungumza Kisukuma anastahili uangalifu wa peke yake. Maandishi ya tafsiri mliyoyaweka yanafuata kila neno lake, yanafika mistari mitatu, na yanaondoka kabla sijafika mwisho. Yasizidi mistari miwili, yabebe maana ya kauli badala ya kila neno, na yakae skrinini kwa muda ambao wewe unaweza kuyasoma kwa sauti bila haraka. Usimfunike kwa picha yenye kitu kingi cha kutazama wakati maandishi yapo, kwa kuwa jicho haliwezi kusoma na kuchunguza kwa wakati mmoja. Zaidi ya yote, usikate maneno yake ukiwa peke yako kama husikii Kisukuma vizuri. Kaa na mwenzako anayekijua, na kila mkato mmwulize kama sentensi imebaki na maana yake, maana unaweza kuondoa silabi moja ukageuza kukataa kwake kuwa kukubali bila kujua.

Na kuna mkato mmoja ambao lazima uufute kabla filamu haijaonwa na mtu mwingine. Katika dakika ya 11 mwenye mtumbwi anasema, “Wapo wanaopunja kwenye ndoo,” kisha mnaonyesha ndoo ikijazwa mtumbwini kwake. Kwenye rekodi kamili anaendelea, “lakini kwangu mimi hilo halipo, njoo upime mwenyewe.” Sidhani mlikusudia ubaya, mlikuwa mnatafuta sekunde nne, ila matokeo yake ni kwamba mtu huyo amekiri mbele ya kijiji kizima jambo alilolikana. Kauli yake irudishwe nzima au itoke nzima, na kwa kuwa habari ya kupunja haijibu swali lenu, ushauri wangu ni itoke. Kwa kila msemaji, jiulize kama ungeweza kumwonyesha kipande chake akiwa amekaa pembeni yako. Kwa Kayenze hilo linawezekana hasa, nanyi mlifanye.

Ukifika karibu na dakika tisa, acha kukata kwa siku moja. Kisha mtafute mtu asiyejua lolote kuhusu filamu hii, umwonyeshe bila kumweleza kitu, nawe umtazame yeye badala ya skrini. Andika dakika na sekunde kila anapoangalia simu, anapojinyoosha au anapouliza “huyu ni nani?” Usimwulize kama imempendeza, kwa maana kwa adabu atakubali tu. Mwulize hasara ilimwangukia nani, na kwa nini akina mama hawajengi vichanja. Akijibu la kwanza akashindwa la pili, ujue sentensi ya vichanja imepita haraka au imefunikwa na picha yenye nguvu kuliko maneno. Mahali alipochoka pasikufanye ukate pale pale tu. Mara nyingi uchovu husababishwa na kipande kilichotangulia, kilichomwambia tayari kile anachoambiwa tena sasa.

Mwisho wa filamu yenu una msimulizi anayeitaka serikali, wadau na jamii washirikiane. Uondoe wote. Baada ya mama kusema kuhusu mkopo, rudisheni picha ya bibi na mafungu yake mawili kama mnayo sehemu ambayo haijatumika, kisha majina ya watengenezaji kwa sekunde 15, pamoja na majina ya waliohojiwa waliokubali kutajwa. Majina ya wenzako ambao vipande vyao vimetoka yawepo vilevile, kwa kazi waliyoifanya mwaloni, na hilo uwaambie kabla ya kuanza kukata.

Niletee mkato mpya pamoja na zile karatasi zilizokatwa, zikiwa zimebandikwa kwa mpangilio wake, ili tukiona mahali panasuasua tujue kama kasoro ni ya maneno au ya picha.

Mwalimu wako